Pembe Nane za Kipande cha Sabuni

Kuna fumbo la watoto linalowanasa hata watu wazima. Meza ina pembe nne; fundi akikata moja kwa msumeno, zinabaki ngapi? Mtu hujibu "tatu" kabla hujamaliza kuuliza. Jibu ni tano, kwa sababu msumeno unapoondoa pembe moja unaacha mbili mpya, moja kila upande wa mkato.

Mpwa wangu, ambaye yuko kidato cha pili na huja kwangu likizo, alinitega kwa fumbo hilo na akafurahi sana nilipojifanya nimenaswa. Nikamrudishia. "Haya, mchemraba una pembe nane. Zikate zote. Zinabaki ngapi?"

Akafungua mdomo, akaufunga. "Mjomba, unazikata kiasi gani?"

Hilo lilikuwa swali zuri kuliko langu, na nitalirudia baadaye. Nilimtuma dukani kwa Mangi akalete mche mmoja wa sabuni ya kufulia. Neno lenyewe lilishafanya nusu ya kazi: kitabu cha hisabati kinaita mche umbo lolote ambalo ukilikata popote katika urefu wake, sura ya mkato ni ileile, na mche wa sabuni ni hivyo hasa. Ukiwa na pande sawa kwenye mkato, nawe ukapima urefu ulingane na upana, unapata mchemraba. Sabuni mpya ndiyo nzuri kwa kazi hii. Iliyokaa kabatini ikakauka humeguka pembeni, na kipande kilichomeguka kina pembe ambazo hakuna mwanahisabati anayezihitaji. Tulikata kwa uzi wa nailoni badala ya kisu, tukarekebisha pande, tukapata vipande vinne vya sentimita 6 kwa 6 kwa 6.

Kabla ya kukata chochote tulikubaliana maneno, maana Kiswahili kina utajiri mmoja unaoweza kutuchanganya. Pembe ni ya ng'ombe, pembe ni ya nyumba, na pembe ni ile ya digrii 90 inayopimwa kwa protrakta. Mchemraba una ncha nane, lakini kila uso wake una pembe nne za digrii 90, na nyuso ni sita, kwa hiyo aliyesema "pembe 24" hajakosea kabisa. Amehesabu kitu kingine. Basi ncha tuliziita vipeo, kama vitabu vya shule vinavyofanya. Bapa linaloweza kulala juu ya meza ni uso. Mstari mkali ambapo nyuso mbili zinakutana ni ukingo. Mchemraba mzima una vipeo 8, kingo 12 na nyuso 6.

Kanuni tuliyotaka kuipima inasema: chukua vipeo, toa kingo, ongeza nyuso, utapata 2. Kwa mchemraba ni 8 − 12 + 6, na kweli ni 2. Kwa umbo moja hilo halina maana kubwa, kwa kuwa tarakimu tatu zozote zinaweza kukupa 2 kwa bahati. Ndiyo maana ya kisu.

Kwenye kila ukingo tuliweka alama mbili, kila moja ikiwa sentimita 2 kutoka kwenye kipeo chake. Ukingo wa sentimita 6 ukagawanyika sehemu tatu sawa. Kisha mpwa wangu akapitisha uzi kwenye alama tatu zinazokizunguka kipeo kimoja, akavuta, na kipande kidogo kama piramidi kikaanguka mezani. Pale palipokuwa na ncha pakabaki pembetatu safi.

Nilimzuia asiendelee. Mkato mmoja ndio wenye siri yote, na ukikimbilia kukata vipeo vyote nane utabaki na rundo la mistari unaloweza kulihesabu bila kulielewa. Tukakaa na kipande hicho chenye mkato mmoja, tukaandika daftari kama la duka: kilichotoka na kilichoingia.

Kipeo kimoja kimetoka. Ndicho kile kilicho mezani pamoja na ncha ya piramidi. Mahali pake vimeingia vitatu, kimoja kwenye kila ukingo uliokatwa. Kwa hiyo vipeo vimezidi kwa 2. Kwenye kingo ndipo watu wengi hujikwaa. Mpwa wangu aliandika kwamba kingo tatu zimepotea, akaongeza tatu za pembetatu, akapata kwamba hakuna kilichobadilika. Nikamwambia apitishe kidole kwenye ukingo mmoja wa zamani. Bado upo. Umefupishwa kutoka sentimita 6 hadi 4, lakini ufupi si kifo. Tunahesabu idadi, hatupimi urefu. Hakuna ukingo uliotoka, na tatu mpya zimeingia, zile zinazoizunguka pembetatu. Nyuso nazo: zile tatu zilizokatwa pembe bado zipo, kila moja ikiwa sasa na pande tano kama meza ya fundi, na uso mmoja mpya umeongezeka.

Faida na hasara ni hizi: vipeo +2, kingo +3, nyuso +1. Weka kwenye kanuni, ambamo kingo hutolewa: 2 − 3 + 1 ni sifuri. Mkato haujaathiri jibu. Na kwa kuwa kipeo cha pili, cha tatu hadi cha nane vinakatwa vilevile, kila mkato utaleta sifuri yake, na jibu la mwisho halina budi kuwa 2, hata kabla hatujahesabu kitu.

Mtu anaweza kudai kwamba hii ni bahati ya mchemraba, ambao kila kipeo chake kina kingo tatu. Tuchukue ncha ya piramidi yenye tako la mraba, ambapo kingo nne zinakutana. Ikatwe: kipeo kimoja kinatoka, vinne vinaingia, ongezeko ni 3, kingo nne mpya, uso mmoja mpya. 3 − 4 + 1, sifuri tena. Kingo zingekuwa tisa, ongezeko la vipeo lingekuwa nane na kingo mpya tisa. Vipeo hupungukiwa na kimoja daima kwa sababu ya kile kilichoondolewa, na uso mpya mmoja hulipa deni hilo.

Baada ya hapo nilimwachia. Alikata vipeo saba vilivyobaki, chumba kikanuka sabuni, akaanza kuhesabu kwa kidole. Nyuso hazikumsumbua: pembetatu nane ndogo palipokuwa na vipeo, na zile nyuso sita za zamani ambazo sasa ni pembenane. Jumla 14. Vipeo alipata 24. Kingo alipata 37.

24 − 37 + 14 ni 1.

"Kanuni imekataa," akasema.

Kanuni haikuwa imekataa. Kidole ndicho kilichopita ukingo mmoja mara mbili. Kipande cha sabuni hugeuka mkononi, pande zake zinafanana, na hakuna mahali palipoandikwa "ulianzia hapa". Dawa ni kuweka nukta ya kalamu kwenye kila ukingo unapouhesabu. Lakini ipo njia bora, isiyohitaji hata kushika sabuni. Fikiria kwamba umeubomoa mwili wote, ukazitandaza nyuso zake mezani kama vipande vya karatasi. Pembetatu nane zina pande 3 kila moja, jumla 24. Pembenane sita zina pande 8 kila moja, jumla 48. Pande zote ni 72. Ukizirudisha, kila upande wa karatasi moja unagandana na upande wa karatasi nyingine, na hao wawili wanakuwa ukingo mmoja. Kwa hiyo kingo ni nusu ya 72, yaani 36. Vipeo navyo: karatasi hizo zina pembe 72, na kwenye kila kipeo zinakutana karatasi tatu, pembetatu moja na pembenane mbili. 72 gawanya kwa 3 ni 24.

Na daftari letu la mikato linasema hivyohivyo. Vipeo 8 na ongezeko la 2 mara nane ni 24. Kingo 12 na ongezeko la 3 mara nane ni 36. Nyuso 6 na nane mpya ni 14. Sasa 24 − 36 + 14 ni 2.

Hapa inafaa kusema kanuni hii inaweza kukufaa kwa nini na haiwezi kwa nini. Ukipata 1 au 3, una hakika kwamba umekosea mahali fulani, ingawa haikuambii ni wapi. Lakini ukipata 2, huna hakika kwamba umepatia. Mpwa wangu angerukwa na kipeo kimoja na ukingo mmoja kwa pamoja, angepata 23 − 35 + 14, ambayo ni 2 safi kabisa, na hesabu mbovu. Ni kama mizani ya duka: inakamata punje moja iliyozidi upande mmoja, haikamati zilizozidi pande zote mbili. Ndiyo sababu ya kuhesabu kwa njia mbili, ya karatasi na ya daftari.

Tumekata sentimita 2, na pembenane zetu zina pande zisizolingana: zile za zamani ni sentimita 2, zile za mikato ni 2.8 hivi. Anayetaka zilingane kwa kila upande aweke alama kwenye sentimita 1.76, pande zote zitakaribia 2.5. Umbo hilo lililolingana ni mojawapo ya yale 13 ambayo Papo wa Aleksandria alieleza kwamba yaligunduliwa na Arkimedi, ambaye maandishi yake mwenyewe juu ya jambo hilo yamepotea. Kwa macho ni zuri zaidi. Kwa hesabu yetu halina tofauti yoyote, kwani kipimo kinaweza kusogea milimita kadhaa huku au kule na bado tuna 24, 36 na 14.

Lakini kikisogea mno? Hapo ndipo linaporudi lile swali la "kiasi gani".

Kipande cha pili tulikiwekea alama katikati ya kila ukingo, sentimita 3. Ukikata hapo, mikato miwili ya jirani inagusana kwenye nukta moja. Ule ukingo wa zamani uliokuwa umebaki katikati yao unafupika hadi unatoweka, na vile vipeo viwili vilivyokuwa kwenye ncha zake vinakuwa kimoja. Hilo hutokea kwenye kingo zote 12 za zamani. Vipeo vinapungua kwa 12, kingo zinapungua kwa 12, nyuso hazibadiliki: 12 − 24 + 14, jibu 2. Pembenane zimegeuka miraba iliyosimama kwa ncha, na mraba na pembetatu sasa zinagusana upande kwa upande. Hapa ndipo mtu aliyekariri "24, 36, 14" huumbuka. Ameulizwa mchemraba uliokatwa vipeo, amejibu upesi, na kumbe mwulizaji alikata katikati. Swali lisilotaja kina cha mkato halijakamilika, na mpwa wangu alilitambua hilo kabla yangu.

Ukiendelea kukwangua zile pembetatu nane, kila moja sambamba na ilivyokuwa, zinaanza kukatana zenyewe kwa zenyewe. Pembetatu zinakuwa na pande sita, miraba inapungua. Hesabu inarudi 24, 36, 14, ingawa mwili wenyewe hauna tena hata pembetatu moja wala pembenane: una pembesita nane na miraba sita. Kwa hiyo hata zile namba tatu kwa pamoja hazitoshi kukuambia umeshika nini mkononi. Kwangua zaidi, na kila mraba unasinyaa hadi unakuwa nukta. Nyuso sita zinapotea pamoja na kingo 24 zilizozizunguka, na vipeo vinne vya kila mraba vinakuwa kimoja. Unabaki na vipeo 6, kingo 12, nyuso 8, umbo la piramidi mbili zilizogandishwa kwa tako. 6 − 12 + 8. Sisi hatukufika huko kwa sabuni, ilikuwa imeshakuwa kama jiwe la mtoni, tulichora.

Mtu aliyeiona kanuni hii na kuitangaza ni Leonhard Euler, Mswisi aliyezaliwa Basel mwaka 1707. Aliiandika katika barua kwa rafiki yake Christian Goldbach tarehe 14 Novemba 1750, wakati huo yeye Euler akifanya kazi Berlini, akieleza mshangao wake kwamba jambo jepesi hivyo halikuwa limeonwa na mtu mwingine, na akikiri kwamba hajaweza kulithibitisha. Miili hii ilikuwa imechunguzwa tangu Wagiriki, zaidi ya miaka 2,000. Kwa nini hakuna aliyeona? Nadhani sababu kubwa ni kwamba hakuna aliyekuwa akihesabu kingo. Watu walihesabu nyuso, walihesabu pembe, lakini ule mstari ambapo nyuso mbili zinakutana haukuwa na jina lake la kitaalamu. Euler ndiye aliyeupa jina, akitumia neno la Kilatini *acies*, ambalo pia ni makali ya kisu. Kitu kisicho na jina hakiingii kwenye daftari.

René Descartes alikuwa amekaribia zaidi ya miaka 100 kabla yake. Yeye alihesabu pembe za nyuso, zile 72 zetu za kwenye karatasi, akaandika kwamba idadi yake ni nyuso mara mbili, ongeza vipeo mara mbili, toa 4. Kwa sabuni yetu: 28 na 48 ni 76, toa 4 ni 72. Sahihi. Gawanya sentensi hiyo kwa mbili na unapata kingo, na kanuni ya Euler iko mbele yako. Hakuigawanya. Maandishi yake hayakuchapishwa. Leibniz alinakili sehemu mwaka 1676, na nakala hiyo ikaja kupatikana katika karne ya 19, wakati kanuni tayari ilikuwa na jina la mwingine.

Uthibitisho ambao Euler aliutoa baadaye, uliochapishwa mwaka 1758, nao ulikuwa wa kisu. Tofauti ni kwamba yeye alikata ili kupunguza vipeo. Unaweza kuona wazo lake kwenye mchemraba: pitisha kisu kwenye vipeo vitatu jirani vya kipeo kimoja, siyo karibu nacho. Kipeo kinatoka na hakuna kinachoingia, vinabaki 7. Kingo tatu zake zinakwenda nacho, tatu mpya zinakuja, zinabaki 12. Nyuso zinakuwa 7. 7 − 12 + 7 ni 2. Euler alitaka kuendelea hivyo, kipeo baada ya kipeo, hadi abaki na piramidi ya pembetatu yenye vipeo vinne, ambapo 4 − 6 + 4 ni 2, na kwa kuwa jibu halibadiliki njiani, basi lilikuwa 2 tangu mwanzo. Wazo ni zuri, lakini lina ufa: ukikata bila mpangilio unaweza kuachwa na vipande viwili vinavyoshikana kwa ukingo mmoja tu, na hapo hesabu inavurugika. Uthibitisho usio na dosari hiyo ulitoka kwa Mfaransa Legendre mwaka 1794, kwa njia tofauti kabisa.

Mpwa wangu hakupendezwa sana na Wazungu hao. Alikuwa ameshachukua kile kipande cha kwanza, chenye pembenane, akaanza kukichimba tundu la mraba katikati kwa ncha ya kisu, akatokea upande wa pili. "Na hiki, mjomba?"

Tukahesabu. Vipeo 24 vya zamani, vinne kwenye mdomo wa tundu upande huu na vinne upande ule: 32. Kingo 36 za zamani, nne za mdomo mmoja, nne za mdomo wa pili, na nne zinazopita ndani ya tundu: 48. Nyuso 14 na kuta nne za ndani: 18.

32 − 48 + 18 ni 2.

"Inafanya kazi hata kwa tundu!" akashangilia. Nilikuwa nimesoma zamani kwamba haifanyi, kwamba mwili wenye tundu linalopenya hutoa 0, na Simon Lhuilier wa Geneva alishaandika hivyo mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa dakika kadhaa nilikuwa mjomba asiyejua kitu.

Kosa halikuwa kwenye kuhesabu. Lilikuwa kwenye neno uso. Shika uso wowote wa kawaida, pitisha kidole kwenye mpaka wake: utagusa kingo zake zote kisha utarudi ulikoanzia. Sasa shika ile pembenane iliyotobolewa, pitisha kidole kwenye mpaka wa nje. Unazunguka kingo nane unarudi, na zile nne za mdomo wa tundu hukuzigusa. Uso huo una mipaka miwili, kama andazi lenye tundu au pete. Kanuni haikuahidi kitu kuhusu nyuso za namna hiyo.

Ziko mbili tu, huku na huku. Tufanye jaribio. Chora mstari kwa kalamu kwenye uso wa kawaida, toka kipeo kimoja hadi kingine, na uuite ukingo. Uso umegawanyika mara mbili: ukingo mmoja umeongezeka, uso mmoja umeongezeka, jibu limetulia. Chora mingine kumi, litatulia. Sasa chora kwenye uso wa pete, toka kipeo cha mdomo wa tundu hadi kipeo cha nje. Ukingo umeongezeka, lakini uso haujagawanyika. Bado unaweza kutembea kuzunguka tundu kutoka upande mmoja wa mstari hadi upande wa pili bila kuuvuka. Kilichotokea ni kwamba pete imefunguka, na sasa kidole kikifuata mpaka kinaingia kwa mstari huo, kinazunguka tundu, kinatoka kwa mstari huohuo na kugusa kila kitu.

Mpwa wangu akachora mstari mmoja upande wa mbele, akageuza, akachora mmoja nyuma. Kingo zikawa 50, vipeo na nyuso vilevile. Akahesabu kwa sauti: 32 toa 50, ongeza 18. Sifuri. Akachora mstari wa pili upande wa mbele, akitaka kuona kama itashuka tena. Mara hii uso uligawanyika, na sifuri ikabaki sifuri.